Shajara ya mradi: mkopo ukilipwa mapema hauwezi tena kuwa chechefu

Jumatatu, kuweka swali sawa

Mradi wenyewe ni huu: tunataka kujua kati ya mikopo iliyotolewa mwaka fulani, ni asilimia ngapi itakuwa chechefu ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Basi. Ripoti za aina hii nyingi nilizokutana nazo zinatumia Kaplan-Meier, njia ya takwimu ya kukadiria ni sehemu gani bado haijapatwa na tukio kadiri muda unavyokwenda, zinachukua siku ambayo mteja ameacha kulipa kama ndo tukio, halafu mkopo uliolipwa wote kabla ya muda unahesabiwa kwamba "ufuatiliaji umekatika", sawasawa na mkopo ambao bado unaendelea siku data ilipofungwa. Mwisho wanachukua moja kutoa ule mkunjo wa kusalia na wanaita hiyo ndo hatari ya kuwa chechefu.

Hapo ndo napotaka kuanzia mana hayo mambo mawili hayafanani hata kidogo. Mkopo uliokatika kwa sababu data imefungwa bado upo huko nje, unaendelea kudaiwa, unaweza kuharibika mwezi ujao tu hatuuoni. Mkopo uliolipwa wote haupo popote, deni limeisha, na hauwezi kuharibika tena hata tungoje miaka hamsini. Kwahiyo mkopo una milango miwili ya kutokea, kulipwa mapema na kuwa chechefu, na ukishatokea mmoja ule mwingine umefungwa moja kwa moja. Hii ndo maana ya hatari shindani.

Data natumia ya Freddie Mac, shirika la Marekani linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ile ya mikopo ya nyumba mmojammoja, mana iko wazi kwa yeyote na inaanzia mikopo ya 1999. Huku kwetu data ya mkopo mmojammoja haitolewi hadharani, inaeleweka, ni siri za wateja. Ila pia mikopo ya Marekani inafaa sana kwa somo hili kwa sababu mingi ni ya miaka 30 yenye riba isiyobadilika, na mteja anaweza kulipa yote kabla ya muda bila faini, kwahiyo riba za sokoni zikishuka watu wanakimbia kwa makundi kuchukua mkopo mpya wa bei nafuu na kuufunga wa zamani. Yani mlango wa kulipa mapema kule ni mkubwa kuliko wa kuharibika mara nyingi sana, na hapo ndo hesabu ya kizembe inaumbuka.

Jumanne, hesabu ya mkono kabla ya kugusa faili

Sitaki kuanza na faili la mamilioni ya mistari halafu nibaki naamini tu kile kompyuta imetema. Nimetengeneza mfano mdogo wa kubuni, mikopo 1000, miaka minne, hakuna hata mmoja uliokatika njiani, kwahiyo jibu la kweli linahesabika kwa vidole.

Mwaka wa kwanza 200 inalipwa yote na 20 inaharibika, inabaki 780. Wa pili 300 inalipwa na 30 inaharibika, inabaki 450. Wa tatu 200 na 25, inabaki 225. Wa nne 100 na 15, inabaki 110. Ukijumlisha, iliyoharibika ni 20 + 30 + 25 + 15, yani 90. Kati ya mikopo 1000 ni asilimia 9. Hamna ubishi hapo, ni kuhesabu tu.

Sasa Kaplan-Meier kwa njia ya zile ripoti. Kila mwaka unachukua walioharibika unagawa kwa waliokuwepo mwanzo wa mwaka: 20/1000, 30/780, 25/450, 15/225. Unapata asilimia 2, kisha 3.85, kisha 5.56, kisha 6.67. Unazidisha za kusalia, 0.98 × 0.9615 × 0.9444 × 0.9333, inatoka 0.831. Moja kutoa hiyo ni asilimia 16.9. Karibu mara mbili ya ukweli! Na hakuna aliyekosea kuzidisha.

Ukifanya vilevile upande wa pili, kulipwa mapema ndo tukio na kuharibika ndo kukatika, unapata asilimia 84.8, wakati ukweli ni 800 kati ya 1000, asilimia 80. Jumlisha sasa 84.8 na 16.9: 101.7. Mikopo 1000 imezaa zaidi ya mikopo 1000, na bado kuna 110 ambayo haijaenda popote. Hiki ndo kipimo cha haraka nachoweza kumpa mtu yeyote mwenye ripoti mezani: chora mikunjo yote miwili kwa njia ile ile, jumlisha ncha zake, ikipita mia ujue kuna kitu. Isipopita mia haimaanishi upo salama lakini, mana kila mmoja peke yake unaweza kuwa umevimba na jumla ikatulia chini ya mia.

Asilimia zile za ziada zinatoka wapi? Fuatilia mwaka wa pili. Kasi ya kuharibika ni 3.85 kwa mia ya waliopo, na waliopo ni 780, inatoka 30. Ila Kaplan-Meier haizidishi kwa 780, inazidisha kwa 980, yani wote ambao hawajaharibika pamoja na wale 200 waliokwisha kulipa na kwenda zao, inapata kama 37.7. Mwaka wa tatu inapata 52.4 badala ya 25, wa nne 59.3 badala ya 15. Ni kama orodha ya mishahara yenye wafanyakazi hewa: watu walishaondoka ila majina yamo na kila mwezi wanahesabiwa. Mikopo hewa ndo inayojaza tofauti, na kadiri watu wanavyolipa mapema kwa wingi ndivyo orodha hewa inavyonenepa.

Njia sahihi ina mabadiliko madogo tu. Kasi ya mwaka unaizidisha na sehemu iliyobaki hai kweli mwanzo wa mwaka huo, hai maana yake haijatoka mlango *wowote*, halafu unajumlisha:

```
F(t) = jumla ya  S(kabla ya i) × d_i / n_i
```

Hapo S inashuka kwa milango yote miwili, d ni walioharibika tu, n ni waliokuwepo. Mwaka wa kwanza 1 × 0.02, wa pili 0.78 × 30/780 = 0.03, wa tatu 0.45 × 25/450 = 0.025, wa nne 0.225 × 15/225 = 0.015. Jumla 0.09. Imerudi palepale kwenye asilimia 9, na ya kulipwa inarudi 80, na iliyobaki 11, jumla mia kamili. Hiki ndo kinaitwa kikadirio cha Aalen-Johansen, wale wataalamu wawili walikichapisha 1978, miaka 20 baada ya Kaplan na Meier wa 1958. Kinachojengwa ni mkunjo wa matukio limbikizi, unaanzia sifuri unapanda, unasoma moja kwa moja "hadi mwaka wa nne asilimia kadhaa zitakuwa zimeshaharibika".

Ukiwa huna aliyekatika njiani formula hii inarudi kuwa kuhesabu kwa vidole, na ndo maana naipenda. Faida yake inaonekana pale ambapo wengine wamekatwa na kufungwa kwa data, hao inawashughulikia kwa namna ileile Kaplan-Meier inavyofanya, wanatoka kwenye n tu, na hapo ni halali.

Jumatano, kupita kwenye kompyuta

Natumia R, programu ya takwimu, na kifurushi chake cha `survival`, wala hauhitaji kitu cha ziada. Siri ni kwamba hali ya mkopo iwe factor, yani safu ya makundi yenye mpangilio wake, na daraja la kwanza liwe lile la waliokatika:

```r
library(survival)
m <- data.frame(
  mwaka = c(1:4, 1:4, 4),
  tukio = factor(rep(c("mapema","chechefu","hai"), c(4,4,1)),
                 levels = c("hai","mapema","chechefu")),
  n = c(200,300,200,100, 20,30,25,15, 110))
aj <- survfit(Surv(mwaka, tukio) ~ 1, data = m, weights = n)
summary(aj)$pstate
```

Mstari wa mwisho unaotoka ni 0.11, 0.80, 0.09. Sawa na mkono. Ukiandika `Surv(mwaka, tukio == "chechefu")` badala yake unarudi Kaplan-Meier na 16.9 bila onyo lolote, programu haijui ulitaka swali lipi. Ukisahau kuweka "hai" mbele kwenye levels napo ni balaa la kimyakimya, alfabeti itaweka "chechefu" kwanza na hao ndo watahesabiwa waliokatika. Kwahiyo kila mara nachungulia `aj$states`, mana ndo mpangilio wa safu za `pstate`, iwe `(s0)`, kisha mapema, kisha chechefu.

Alhamisi, tukio ni nini hasa

Leo sijachora kitu, nimekaa na maelezo ya safu tu, na nadhani ndo siku iliyobeba uzito kuliko zote.

Freddie Mac wanatoa sampuli ya mikopo 50,000 kwa kila mwaka kamili wa kutolewa, faili mbili: moja ya mkopo ulivyoanza na nyingine ya mwenendo wa kila mwezi. Mkopo ukifungwa unapata msimbo wa sababu ya salio kuwa sifuri. 01 ni umelipwa mapema au umefika mwisho wake. 02, 03 na 09 ni njia mbalimbali za nyumba kuuzwa kwa sababu mteja ameshindwa. Kishawishi ni kusema 01 ni "mapema", hizo tatu ni "chechefu", tumemaliza.

Shida ni kwamba Marekani kutoka mteja kuacha kulipa hadi nyumba kuuzwa inaweza kupita miaka, hasa majimbo ambayo lazima kesi ipite mahakamani. Kwahiyo ukingoja msimbo, kuharibika kunaonekana kumechelewa sana. Nimechagua tukio liwe mara ya kwanza mkopo kufika siku 90 za kuchelewa, kwenye safu ya ucheleweshaji hiyo ni namba 3 kwenda juu. Safu hiyo hiyo ina herufi `RA` kwa nyumba ambayo imeshachukuliwa, ukiisoma kama namba inageuka NA, yani pengo, na mikopo mibaya kabisa inapotea, kwahiyo isomwe kama maandishi kwanza.

Uamuzi huu una gharama yake. Mtu aliyefika siku 90, akajikusanya, akalipa yote miezi kumi baadaye, kwangu ni chechefu, kwa anayetumia msimbo ni mlipaji. Wote wawili wako sahihi kwa swali lao. Na 2020 kuna mtego maalum: sheria ya CARES ya Machi mwaka ule iliruhusu wenye mikopo inayodhaminiwa na serikali kuu kusimamisha malipo, wengi wao wanaonekana wamefika siku 90 ilhali wameruhusiwa. Mkunjo wowote unaopita mwaka huo utakuwa na ngazi ya ghafla ambayo siyo umaskini wa kawaida, nitaiweka alama kwenye grafu kabisa.

Kuna pia mikopo inayotoka kwa sababu Freddie Mac wamemrudishia aliyeuuza baada ya kukuta kasoro. Huo nao ni mlango, wa tatu. Kuuhesabu kuwa umekatika ni kusema mikopo hiyo ingeendelea kama wenzake, na kasoro nyingi hugundulika baada ya mkopo kuanza kusumbua, kwahiyo siyo kama wenzake. Nimeupa daraja lake kwenye factor na maisha yanaendelea.

Ijumaa, swali la kasi na swali la wangapi

Dada mmoja wa upande wa fedha amepitia rasimu akaniuliza, "Sasa kaka, 16.9 ni uongo mtupu au inajibu kitu kingine? Mimi natenga hela, nichukue ipi?" Swali zuri sana na nimemjibu kwa kirefu kwa hiyo naliweka hapa.

Kwa kutenga hela ni matukio limbikizi, 9. Hasara inatoka kwenye mikopo inayoharibika kweli, hamna anayepoteza hela kwa mkopo hewa. Ile 16.9 inajaribu kujibu "ingekuwaje kama kulipa mapema kungekuwa marufuku", na hata hilo inalijibu tu kama waliolipa wangeharibika kwa kasi ileile ya waliobaki. Nani anaamini hilo? Anayeweza kulipa mapema ni mwenye rekodi nzuri ya mikopo na nyumba yenye thamani kuzidi deni, anayebaki ni yule ambaye hakuna benki itamchukua. Wazuri wanatoka kwanza. Angalia mfano wetu, kasi inapanda kila mwaka, 2, 3.85, 5.56, 6.67, wakati idadi yenyewe imeanza kushuka, 30, 25, 15. Inawezekana hakuna mkopo hata mmoja ulioharibika tabia, ni chujio tu. Na data haiwezi kukuambia milango miwili inahusiana au haihusiani, mtaalamu wa takwimu Tsiatis alithibitisha hilo 1975: kwa data yoyote ya aina hii kuna maelezo ya kutohusiana yanayolingana nayo sawasawa. Kwahiyo 16.9 inasimama juu ya dhana isiyopimika. 9 haihitaji dhana hiyo kabisa.

Ila sikutaka aondoke na wazo kwamba kasi haina kazi. Nimemwekea makundi mawili. Yote mawili yana kasi ya kuharibika asilimia 3 kwa mwaka ya waliopo, sawa kabisa. Kundi A wanalipa mapema 10 kwa mia kila mwaka, kundi B 40 kwa mia. Waliobaki mwanzo wa kila mwaka, A ni 1, 0.87, 0.757, 0.659, jumla 3.285, mara 0.03 ni asilimia 9.9. B ni 1, 0.57, 0.325, 0.185, jumla 2.08, mara 0.03 ni asilimia 6.2.

Sasa mtu akiangalia matukio limbikizi peke yake atasema wateja wa B ni waaminifu zaidi. Si kweli, hawana tofauti ya mwezi hata mmoja, wanaondoka tu kabla hawajapata muda wa kuharibika. Na hili siyo la kubuni. Riba ya wastani ya miaka 30 kwenye takwimu za kila wiki za Freddie Mac ilishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, kisha ikapanda hadi 7.79 Oktoba 2023. Aliyekopa 2019 kwa karibu asilimia 4 alikuwa na kila sababu ya kuukimbia mkopo wake 2020 na 2021. Aliyekopa mwanzoni mwa 2021 hana pa kukimbilia, atakaa na mkopo wake miaka na miaka, na kila mwaka anaokaa ni mwaka mwingine wa kuweza kuharibika. Kulinganisha miaka hiyo miwili kwa mkunjo mmoja na kusema nani walichujwa vizuri na benki, hapana.

Kwahiyo kwenye ripoti kila kundi litakuwa na picha mbili zinazokaa pamoja: kasi ya kuharibika kati ya waliopo, na matukio limbikizi ya milango yote. Kwa kutafuta *kwa nini*, modeli ya Cox, inayopima kigezo kinapandisha au kushusha kasi kiasi gani, kwa kila mlango peke yake, ambapo kuhesabu waliotoka mlango mwingine kuwa wamekatika ni halali kabisa mana swali ni la waliopo tu. Kwa kuona kigezo kinabadilisha *wangapi*, kuna modeli ya Fine na Gray ya 1999. Ile inawaacha waliolipa ndani ya kundi la walio hatarini makusudi ili namba yake isomeke kwenye mkunjo limbikizi. Kwa A na B hapo juu Cox itasema hamna tofauti, Fine na Gray itasema B ina hatari ndogo, na zote ziko sahihi. Nikiona mtu ametoa namba ya Fine na Gray halafu ameandika "kigezo hiki kinapunguza tabia ya kutolipa", hapo najua amesoma swali la wangapi kama la kwa nini.

Kwa vigezo vinavyobadilika kila mwezi, mfano thamani ya nyumba ukilinganisha na deni lililobaki, nitabaki na Cox. Fine na Gray ingenitaka nijue deni la mtu ambaye alishamaliza deni, na hilo halipo.

Jumatatu tena, panapofuata

Mikunjo ya mikopo ya 2007 na 2019 nimeanza kuichora kwa kupangana, rangi ya chini chechefu, juu yake waliolipa, kisha iliyorudishwa kwa muuzaji, inayobaki nyeupe ni walio hai, kwahiyo kila mwezi jumla inajaza mia na jicho linakagua lenyewe. Kwenye 2007 nitachora na ule wa Kaplan-Meier kwa mstari wa nukta ili msomaji aone umbali.

Baada ya hapo nataka kupeleka njia hii kwenye mikopo ya saccos, na tayari naona swali ambalo data ya Marekani haina kwa sura hii. Ni topu-apu. Mwanachama anadaiwa milioni mbili, anapewa mkopo mpya wa milioni tano, mbili zinakatwa kufunga wa zamani anaondoka na tatu. Kwenye mfumo mkopo wa zamani umesomeka "umelipwa wote kabla ya muda", unaingia mlango wa wema. Lakini deni halijaisha, limehamia namba mpya kwa mkopeshaji yule yule, na pengine mtu alikuwa ameanza kuyumba. Ukihesabu kwa mkopo, matukio limbikizi yatakuwa madogo na ya kupendeza. Nafikiria kuhesabu kwa mwanachama, saa ianze siku ya mkopo wa kwanza na isisimame kwenye topu-apu, mlango wa kulipa uhesabiwe pale tu salio lake lote linapofika sifuri, na topu-apu iwe hali ya katikati ambayo mtu anapita, siyo anatokea. Aalen-Johansen inakubali hali za katikati bila shida, `survfit` inataka tu safu ya `id` na mistari ya kuanza na kuisha kwa kila kipindi. Kinachotakiwa kwanza ni faili ambalo namba ya mwanachama inaunganisha mkopo wa zamani na mpya, na tarehe za kufunga na kufungua zikae siku moja. Hiyo ndo nimeiombea.